Salamu Kumi na Moja

Kila asubuhi, kabla hajavua hata koti, Yusta alikuwa akiandika namba ya simu ya mtu aliyekufa kwenye kompyuta ya ofisi.

Hakuwa mchawi wala mwendawazimu. Alikuwa afisa wa huduma kwa wateja wa jumuiya ya maji ya vijiji tisa, ofisi yao iko Lushoto mjini, juu ya duka la saruji na mabati. Na namba yenyewe ilikuwa ya mzee Paskali Shemhilu wa kitongoji cha Kwehoza, aliyefunikwa na udongo masika ya mwaka uliopita, yeye na nyumba yake na mbuzi wake wanne. Yusta aliandika namba, akabonyeza kutafuta, ukaja ujumbe mmoja ule ule, akausoma, akaufunga. Ndipo alipovua koti na kubandika maji ya chai. Mwaka mzima alifanya hivyo na hakumwambia mtu.

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. "Maji yanatoka chini ya jiwe nyuma ya nyumba. Yana udongo." Uliingia siku moja kabla ya mlima kuporomoka. Kando yake roboti ilikuwa imeweka alama yake: sifuri nukta moja mbili, rangi ya kijani. Maana yake, mtu huyu hajakereka, anaweza kusubiri. Akawekwa kwenye foleni, wa mia mbili na kumi na nne.

Sasa hapo kwenye roboti inabidi tusimame kidogo, maana watu wakisikia roboti wanafikiria lile dude la chuma linalotembea. Hakuna chuma hapa. Ni programu tu. Zamani maji yalikuwa ya serikali, na bomba likikauka unakwenda kumgombeza katibu nyumbani kwake, anakukaribisha uji, mnaelewana. Mambo yalipokuja kuwa ya soko, mwananchi akaitwa mteja, mteja akafungiwa mita, akapewa na namba ya kutuma ujumbe. Wakatuma! Masika ilikuwa ujumbe mia tatu kwa siku, na wa kuusoma ni Yusta peke yake, na wa kwenda kuziba mabomba ni Selemani peke yake. Ndipo meneja akaafikiana na kampuni moja ya Dar, ikamtuma Aron, kijana mpole wa miwani, aje na kompyuta yake awatengenezee roboti ya kusoma ujumbe na kunusa hasira.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kila ujumbe ukiingia, roboti inaupima peke yake, inaupa alama kati ya sifuri na moja. Ukifika sifuri nukta saba unakuwa mwekundu, unaruka juu ya foleni, simu ya Yusta inalia kengele, na mtu wa ofisi lazima apige simu ndani ya saa moja. Usipofika, mteja anarudishiwa jibu la moja kwa moja, "Tumepokea ujumbe wako," na namba yake, halafu anasubiri zamu. Ujumbe ni mwingi na watu ni wawili, kwa hiyo anayekaribia kupasuka asikilizwe kwanza. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Na roboti haizaliwi inajua hasira. Inafundishwa. Yusta ndiye aliyeifundisha. Wiki mbili nzima alikaa na Aron akisoma ujumbe elfu nne wa zamani, mmoja mmoja, akibonyeza: amekereka, hajakereka, amekereka. "Siku ya nne hatuna maji nyie mna akili kweli?" Amekereka. "Naomba bei ya kuunganishiwa." Hajakereka. Programu ikawa inajifunza maneno gani yanakwenda na wenye hasira na yapi yanakwenda na waliotulia. Neno "maji" halikusaidia kitu, kwa sababu kila mtu analitaja.

Tatizo likawa salamu. Jamani, watu wa milimani na salamu! "Shikamooni wakubwa wetu, habari za kazi, habari za nyumbani, watoto hawajambo, sisi huku wazima kabisa tunamshukuru Mungu, ila bomba limepasuka limeangusha jiko la bibi." Roboti ikasoma "habari", ikasoma "wazima", ikasoma "tunamshukuru", ikasema: mtu huyu ana furaha. Bibi wa watu hana jiko! Katika kila wenye hasira mia, ilikuwa inawakamata sitini na mmoja tu. Aron alivua miwani akaifuta akasema hajui afanyeje.

"Zifute," Yusta alimwambia. "Kabla haijasoma, ing'oe salamu zote. Hizo ni maganda tu Aron, mtu humenya muhogo akala wa ndani."

Akamwandikia orodha yeye mwenyewe, maneno na mafungu arobaini na mawili. Shikamoo, marahaba, hamjambo, habari za asubuhi, bwana asifiwe, salamaleko. Akaongeza na za Kishambaa, onga makeo ya asubuhi na wenzake, maana Aron wa Dar angezijulia wapi? Walipojaribu upya, roboti ikakamata themanini na wanane katika mia. Meneja alinunua soda kreti nzima. Yusta akapewa barua ya pongezi, akaitia kwenye fremu, akaitundika juu ya meza yake.

Baada ya maporomoko ya Kwehoza aliitoa ukutani akaiweka kwenye droo, kifudifudi. Wakubwa walisema ni mvua. Mvua ilinyesha wiki tatu, kila mtu aliiona, na mlima ni mlima. Hakuna aliyeuliza kama kulikuwa na ujumbe. Yusta naye alinyamaza. Alijiambia kwamba ni ujumbe mmoja tu, usio na haraka yoyote, ungemshinda hata binadamu. Alijiambia hivyo mara nyingi sana, na kila asubuhi aliandika ile namba.

Basi asubuhi moja ya Aprili, mvua imepumzika, ukungu umejaa mpaka mlangoni kwa fundi viatu, Yusta aliandika namba ya marehemu akabonyeza. Zikaja jumbe mbili.

 Ule wa zamani ulikuwa pale pale. Juu yake ulikuwepo mpya, umeingia alfajiri ile ile, kutoka namba ile ile, jina lile lile, Paskali Shemhilu.

"Maji yanatoka tena chini ya jiwe. Yana udongo."

Sifuri nukta moja moja. Kijani.

 Alisimama, akaketi, akasimama tena. Alichukua simu akapiga namba ile, na hakujua anaogopa nini zaidi, kwamba haitapokelewa au kwamba itapokelewa. Haikupatikana. Akapiga tena. Yule dada wa mtandao akamwambia kwa sauti yake ya asali kwamba mteja anayempigia hapatikani kwa sasa. Yusta alikata simu akajikuta anasema kwa sauti, "Najua."

Selemani aliingia akamkuta hivyo. Alikuwa fundi wa mabomba wa miaka zaidi ya hamsini, mtu wa maneno mengi na magoti mabovu, na mfukoni alikuwa na karatasi yenye orodha ya wekundu wa siku ile.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Vipi binti, umeona jini?"

Yusta akageuza kompyuta. Selemani alisoma, akasogeza uso, akasoma tena. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejipa moyo.

"Laini za marehemu huuzwa upya. Kampuni za simu hazina aibu hizo. Kuna mtu kanunua laini."

"Akajua na jiwe?"

 Selemani alikuna kidevu. "Mimi nilishika jembe siku ile," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Nilimtoa mzee mwenyewe. Usinichezee na habari za Kwehoza, Yusta. Na hata hivyo ni kijani. Nina wekundu saba hapa. Kuna hoteli imetukana mpaka mama zetu. Meneja akisikia nimeacha mwekundu nimefuata kijani cha mtu aliyekufa, nitamwambia nini?"

Wekundu walikuwa na haki yao, na roboti imesema. Angemlazimisha kwa lipi? Yusta alipiga simu Dar.

"Aron, nataka kila kitu kilichowahi kuingia kutoka namba moja. Si kwenye foleni tu. Kila kitu."

"Foleni ndiyo kila kitu, dada," Aron alisema. Halafu akasikika akibofya. "Labda kwenye kile chumba cha ujumbe mtupu."

"Chumba gani?"

"Ujumbe ambao ukishasafishwa haubaki na neno. Watu hutuma nukta, au hubonyeza kwa bahati mbaya. Roboti haiwezi kupima kitu ambacho hakipo, kwa hiyo haiupi alama, haiujibu, inauweka pembeni tu. Sikuwahi kukifungua, kusema kweli. Hakuna aliyewahi kukiulizia." Akabofya tena. "Hiyo namba ina kumi na moja humu. Za mwaka jana, zote Aprili. Nakutumia."

Zikaingia. Yusta alizifungua Selemani akiwa amesimama nyuma yake.

"Hamjambo wanangu." Hiyo ilikuwa ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Siku ya pili, saa ile ile: "Hamjambo huko ofisini."

Siku ya tatu: "Onga makeo."

Ya nne, "Habari za asubuhi wanangu." Ya tano, "Hamjambo." Ya sita, "Bwana asifiwe." Zikaendelea hivyo, moja kila siku, saa kumi na mbili na nusu, mpaka ya kumi na moja, "Hamjambo wanangu" tena kama ile ya mwanzo. Siku ya kumi na mbili ndiyo ule aliokuwa akiusoma mwaka mzima. Maji yanatoka chini ya jiwe.

 Yusta ni mtoto wa Bungu, milimani huko huko. Alilelewa na babu yake, na babu alimrudisha kutoka kwenye nyua za watu mara ngapi, alipokimbilia kusema shida kabla hajaitikiwa! Unafika, unasalimu, unasubiri. Ukiitikiwa ndipo unaulizwa, na ukiulizwa ndipo unasema. Kumwaga shida yako juu ya mtu ambaye hajakuitikia ni kumvamia, babu alisema, ni sawa na kuingia kwake kwa dirisha. Na mtu mzima anayesema jambo bila salamu, tena kwa vijana wa rika la wajukuu zake, ujue amekwisha kukereka mpaka basi. Hatukani. Hapandishi sauti. Anaacha tu kukusalimu, na kila mtu anayesikia anatetemeka.

Yusta aliyajua yote hayo. Hakuhitaji kufundishwa na mtu. Na ndiye aliyesema maganda.

"Mzee alikuwa amesimama mlangoni," alisema. "Siku kumi na moja, fundi. Anabisha hodi, nasi tumeuziba mlango kwa mashine. Nimeuziba mimi. Ile orodha niliandika mimi kwa mkono wangu, hata onga makeo niliitia mimi. Halafu alipochoka akasema bila salamu, na hiyo ndiyo hasira yenyewe, fundi, hiyo ndiyo hasira ya mzee wa huku yote nzima, lakini mashine haiwezi kuona kwamba salamu haipo, kwa sababu nilishaifundisha kwamba salamu si kitu!"

Sasa alikuwa analia. Selemani alimtazama, akatazama tena ule ujumbe mpya.

"Na huu hauna salamu," alisema.

"Hauna."

Akakunja orodha ya wekundu akaitia mfukoni. "Chukua koti."

Walikwenda kwa pikipiki ya ofisi, kwa njia ya Bumbuli, kisha wakaiacha barabara wakaingia tope. Saa moja na nusu. Mara mbili Yusta alishuka kusukuma. Hakuna aliyesema neno, na Selemani kunyamaza saa moja na nusu, hilo peke yake lilikuwa la kuogopesha. Yusta alikuwa na wazo moja tu kichwani. Chini ya lile jiwe zilibaki nyumba nne. Danieli, mdogo wake Paskali, na wanawe na wajukuu. Mwaka jana mlima uliwapita kwa hatua thelathini.

Kwehoza ilikuwa imefunikwa na ukungu, unaona migomba ya karibu tu. Pale palipokuwa na nyumba ya Paskali kulikuwa na kovu jekundu mlimani ambalo hata majani yalikuwa bado hayajathubutu kuota. Pembeni ya kovu, juu kidogo, lilikuwepo jiwe, kubwa kupita chumba. Na mbele ya jiwe alisimama mwanamke mzee aliyejifunga kanga mbili, ameshika simu ndogo ya vitufe, mgongo wake umewaelekea.

Yusta alimtambua kwa picha za mazishi. Alikuwa Efrazia, mjane wa Paskali. Siku ya maporomoko alikuwa hospitali ya Bumbuli akimuuguza binti yake aliyejifungua, ndiyo maana yu hai.

Yusta akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa. "Shikamoo mama."

Mama Efrazia aligeuka. Alimtazama machoni, akaangalia fulana ya ofisi yenye nembo ya bomba, akamtazama tena machoni. Hakuitikia.

Asiyekulia mahali pale hawezi kujua uzito wake. Shikamoo haiachwi ikaanguka chini. Hata adui yako ukimwambia shikamoo ataitikia, kisha ndipo akufukuze. Yusta akabaki na goti lake limekunjwa, hajui kama anaruhusiwa kulinyoosha.

Mama Efrazia alinyoosha kidole chini ya jiwe.

Maji yalikuwa yakitoka pale, unene wa mkono, mekundu kama chai isiyo na maziwa. Selemani aliyachota kiganjani, akayasugua kwa kidole gumba, udongo ukabaki kwenye kidole. Alipanda juu ya jiwe akishikilia vichaka, akaonekana akigusa ardhi hapa na pale, akarudi uso umembadilika.

"Bomba letu kuu linapita hapo juu. Kuna ufa kwenye ardhi naweza kuingiza mkono. Yusta, watoe watu. Usiwaambie wabebe kitu. Mimi nakwenda kufunga koki kwenye tangi."

Yusta alikimbia. Nyumba ya Danieli, ya mwanawe wa kwanza, ya wa pili, ya wa tatu. Alipiga kelele, akabeba mtoto mmoja mgongoni na kuku mmoja mkononi bila kujua kuku ameingiaje. Danieli mwenyewe hakubisha hata dakika moja. "Shemeji alituambia tangu juzi tutoke," alisema akifunga mlango, "tukasema ni huzuni inamsumbua." Baada ya nusu saa watu kumi na tisa walikuwa wamesimama kwenye uwanja wa kanisa, ng'ambo ya bonde, wanahesabiana.

Yusta alirudi kwenye jiwe. Mama Efrazia alikuwa hajaondoka.

"Mama, twende, hapa ni hatari."

Mama hakusogea, basi Yusta naye akakaa. Wakatazama maji, wawili hao, kila mmoja upande wake. Kule juu kwenye ukungu kilisikika chuma kikigonga chuma, Selemani akipigana na koki iliyoota kutu. Kisha kukawa kimya.

Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Ikapita robo saa, ikapita nusu. Halafu yale maji yakawa membamba kama kidole. Yakawa kama uzi. Ilipotimia saa moja na dakika chache yalidondoka matone, moja, na moja, na la mwisho lilining'inia kwenye ncha ya jani kwa muda mrefu likaanguka. Chini ya jiwe pakabaki unyevu tu.

Mama Efrazia alikuwa hajapepesa macho. Alisema kwa sauti ndogo, wala hakumwambia Yusta, alisema na yale maji.

"Kumbe hufungwa."

Yusta alijua papo hapo kwamba neno hilo hatalitoa kichwani mpaka anaingia kaburini. Maana kama maji yalifungwa leo, yangefungwa na mwaka jana. Haikuwa mvua. Ilikuwa koki moja, na saa moja, na mtu wa kuitikia salamu.

Akamwambia yote. Hakujipamba. Alimweleza habari ya roboti kwa maneno ambayo mama angeyaelewa, kwamba ofisi ina mashine ya kuchagua nani asikilizwe kwanza, kwamba yeye ndiye aliyeiambia mashine itupe salamu, na kwamba salamu za mzee zilikuwa zimekaa mahali pasipofunguliwa na mtu. Alimtajia moja moja, zote kumi na moja, alizijua kwa moyo tayari.

Mama Efrazia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alikaa juu ya kisiki, akaishika ile simu kwa mikono miwili.

"Nyumbani hakukuwa na mtandao," alisema. "Unashika hapa tu, kwenye jiwe. Kila asubuhi alikuja hapa, anatuma, anasubiri mpaka jua lipande. Akirudi namuuliza, wamekuitikia? Anasema bado. Nikamwambia, sema tu shida yako, hawa ni watu wa ofisi. Akasema, nitaanzaje kuwamwagia watu shida hawajaniitikia? Hawa ni watoto wa watu, wana adabu. Labda wana msiba huko."

Akaifuta ile simu kwa kanga.

"Kila siku hivyo. Labda wana msiba. Siku ya Jumapili alikuombeeni kanisani, ofisi nzima, kwa msiba wenu."

Yusta alifunika uso.

"Mimi nikaenda Bumbuli kwa binti. Siku ile akaipeleka simu dukani kwa Hamza kuichaji, ndiyo maana imepona. Niliifungua baada ya mazishi. Nikakuta mmemjibu mara moja. Tumepokea ujumbe wako, namba mia mbili kumi na nne." Alitamka ile namba polepole, kwa usahihi, mtu aliyeirudia mara nyingi. "Mimi sikuwasalimu leo. Sina salamu na nyinyi. Nimeandika kwa ajili ya watoto wa Danieli."

Alisimama, akajikung'uta, akashuka kwenda kanisani. Yusta alimfuata kwa mbali. Walipofika, watu walimpisha mama Efrazia akakaa, na Yusta hakukaribishwa kukaa, wala hakukaa.

Kesho yake aliandika taarifa kurasa tano. Alitaja bomba, alitaja koki, alitaja salamu kumi na moja kwa tarehe na saa, na mwisho akaandika nani aliyetoa orodha, majina yake yote matatu. Meneja alimwomba kwa upole akiondoe kile kipande cha mwisho. Alikataa. Ikapelekwa juu, na mpaka leo inazunguka kwenye meza za wakubwa. Yeye hakufukuzwa. Angefukuzwa angelala vizuri zaidi.

Aron alipanda mlima akakaa siku kumi. Wakaivunja roboti wakaijenga upya. Sasa salamu tupu haitupwi. Inaingia juu kabisa ya foleni, na inaitikiwa na mtu, si mashine, Yusta mwenyewe kwa vidole vyake: "Marahaba mzee, karibu, tueleze." Na ujumbe haupimwi tena peke yake, roboti inaangalia na uliotangulia kutoka namba hiyo. Mtu aliyezoea kusalimu akiacha ghafla, anakuwa mwekundu hata kama maneno yake ni ya upole kiasi gani. Wiki ya kwanza tu iliwakamata wazee watatu, mmoja alikuwa hana maji wiki ya sita na alikuwa ameandika "sawa" tu, bila salamu. Selemani anaisifu kwa kila mtu kijiweni.

Lakini Yusta bado, kila asubuhi, kabla hajavua koti, anaandika namba ya marehemu. Siku hizi hatafuti. Anatuma. Saa kumi na mbili na nusu anakuwa ameshafika, mji bado umelala kwenye ukungu, anaandika: "Shikamoo mama." Haombi radhi humo wala haongezi neno. Aliomba radhi mara moja, pale kwenye jiwe, na mengine yote atayasema akiitikiwa. Halafu anaketi na simu mezani mpaka jua linapanda juu ya paa la msikiti.

Siku ya kumi na moja Selemani aliwahi kazini akamkuta ameketi hivyo. Aliangalia simu, akamwangalia yeye, akaelewa.

"Hajaitikia?"

"Bado," Yusta alisema. "Labda ana msiba."

Akasikia alichokisema. Selemani alivua kofia akakaa karibu naye, wakasubiri wote wawili.